Nimeweka shairi Insta, mstari mmoja kila slaidi, watu wakanipa pole ya msiba. Nimekosea wapi?

#1 Binti Igombe
Mwangaluka wakuu. Naomba msaada, ila mcheke taratibu.

Jumanne usiku niliweka shairi langu Instagram, slaidi saba, kila slaidi mstari mmoja, herufi nyeupe juu ya weusi. Shairi lenyewe:

1. Mama ameondoka
2. hakuniaga
3. kanga yake ipo kitandani
4. taa inawaka
5. leo mwezi haupo
6. dagaa wamepanda
7. mwaloni hawangoji mtu

Mama yangu ananunua dagaa mwaloni, na usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Alitoka saa nane mimi nimelala. Basi, ndilo shairi zima. Mwezi uliopita nililiweka hilihili lote kwenye picha moja, watu wakaandika "safi sana", mmoja akauliza kama mama anauza kwa debe. Safari hii naamka nakuta "pole dada", "Mungu akutie nguvu", "mazishi lini?" Shangazi kapiga kutoka Geita analia, na aliyepokea simu ni mama mwenyewe.

Sijabadilisha hata herufi. Inakuwaje kwenye picha moja ni dagaa, kwenye picha saba ni msiba?

#2 Kiti cha Mbele
Mama kapokea rambirambi zake mwenyewe 😂😂 Nimekaa paleee.

#3 Fundi Bango
Mimi natengeneza kadi za harusi na matangazo ya tanzia hapa mjini, hili nakujibu nikiwa usingizini. Weusi, herufi nyeupe, maneno machache katikati: hiyo ni tanzia. Mteja wa tanzia hata hataji rangi, anasema "niwekee ile ya kawaida". Slaidi ya 4 uliweka nini nyuma ya maandishi?

#4 Binti Igombe
#3 Picha ya karabai ya mjomba.

#5 Fundi Bango
Karabai gizani ni mshumaa. Kesi imefungwa, alete mwingine.

#6 Mwalimu Mstaafu
Kesi haijafungwa. Binti, ile picha moja ya mwezi uliopita ilikuwa na rangi gani?

#7 Binti Igombe
Nyeusi hiyohiyo, shikamoo mwalimu.

#8 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Basi rangi peke yake haiwezi kuwa mchawi, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwepo na hakuna aliyekufa.

Nimefundisha ushairi miaka mingi. Darasani tulikuwa na mstari kifu na mstari mshata. Kifu umejitosheleza, ukiusoma peke yake umepata maana yake. Mshata unaning'inia, unadai mstari unaofuata uje umalizie. Sasa tazama mistari yako. "Mama ameondoka" wewe uliiandika kama mshata: ameondoka, kaenda wapi? Jibu liko mstari wa 7. Kwenye picha moja msomaji anaona mistari yote saba kwa mpigo. Anapoanza wa kwanza, jicho limeshadokoa "dagaa" na "mwaloni" kule chini hata kabla hajazisoma. Kwa hiyo "ameondoka" inafika kwake ikiwa tayari inanuka samaki.

Kwenye slaidi umekata kamba hiyo. "Mama ameondoka", halafu ukuta. Mstari uliokuwa mshata umegeuzwa kifu kwa nguvu. Msomaji anausoma kama sentensi iliyokwisha, anatoa maana iliyo karibu zaidi, na kwa Kiswahili chetu mama akiondoka bila kutajwa anakokwenda unajua watu wanafikiri nini. Halafu ukaongeza "hakuniaga". Hapo ulipigilia msumari.

#9 Msukuma wa Buzuruga
Mwalimu umeua.

#10 Kiti cha Mbele
#9 Angalia maneno hayo kwenye uzi huu mkuu.

#11 Duka la Simu Igoma
Dada kama unataka watu wengi waone, tatizo lako hujabusti. Weka hela kidogo, chagua Mwanza na Geita, utaona. Mimi kava za simu nauza hivyo.

#12 Binti Igombe
#11 Kaka, walioona wametosha. Shangazi alikuwa anatafuta nauli.

#13 Dada Karabai
Nina swali dogo kwa mwalimu. Maelezo yako yanafaa kwa mtu aliyesoma mpaka slaidi ya 2 au ya 3 akaishia hapo. Aliyefika ya 7 ameona dagaa. Kwa nini naye atoe pole? Mimi nadhani wengi hawakufika. Insta ina tabia moja: ukipita posti yenye slaidi bila kuigusa, baadaye inaweza kukuletea tena posti ileile ikianzia slaidi ya pili. Nimeona kwenye simu yangu mara nyingi. Kwa hiyo kuna watu waliokutana na "hakuniaga" peke yake, bila hata mama. Binti, muulize shangazi aliona nini kwanza.

#14 Binti Igombe
Nimempigia sasa hivi. Hana hata Insta! Binamu yangu alipiga skrinshoti ya slaidi ya 2 akaitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, akaandika chini "jamani mmesikia kwa kina Igombe?" Slaidi ya 2 tu. "hakuniaga". Kundi lina watu 60.

#15 Kiti cha Mbele
Uwiii. Nimeshindwa kula ugali.

#16 Fundi Bango
#14 Na kama ingekuwa na rangi ya njano yenye maua, binamu asingeitupa kwenye kundi. Narudi palepale: rangi. Mwalimu anasema picha moja nayo ilikuwa nyeusi, sawa, lakini ile ilijaa maandishi na tanzia haijai maandishi. Neno moja katikati ya giza ndilo linalotisha. Rangi na nafasi tupu vinafanya kazi pamoja.

#17 Mwalimu Mstaafu
#16 Hapo nakubali nusu. Nafasi tupu kwenye ukurasa ni kimya, na kimya kinasomwa.

#18 Kamanga Feri
Mimi si mshairi, nasubiri kivuko tu. Nimejaribu kitu kwa abiria wawili hapa kwenye foleni. Nimefungua posti ya Binti, nikampa wa kwanza simu. Alisukuma mpaka ya 3, akasimama, akanitazama usoni: "Ni ndugu yako?" Nikamwambia endelea. Kufika ya 6 akacheka. Wa pili alisukuma zote saba haraka kama anahesabu noti, akasema "biashara ya dagaa, eeh". Hakupata huzuni wala kicheko.

Kwa hiyo kasi ya kidole ni ya msomaji, si ya Binti. Shairi moja, watu wawili, mashairi mawili.

#19 Dada Karabai
#18 Hiyo ndiyo tofauti ya Insta na stetasi ya WhatsApp. Kule ukiweka mstari mmoja mmoja, vinakwenda vyenyewe, msomaji akitaka kusoma taratibu lazima abonyeze kidole asubiri. Halafu kuna balaa jingine: ukiweka mistari mitatu ya kwanza saa mbili usiku, nyingine saa tatu, mtu aliyekwisha kuona ile ya mwanzo akirudi anaanzia asichokiona. Shairi linaanzia tumboni. Nilifanya hivyo mara moja, nikaacha.

#20 Msukuma wa Buzuruga
Na TikTok picha zinajisukuma zenyewe na muziki juu. Hapo kasi ni ya mashine kabisa.

#21 Mzee wa Mizani
Nyinyi mnahangaika na tatizo ambalo wazee walishalimaliza. Shairi la mizani kumi na sita lina ukwapi na utao, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Pumziko limeshapangwa tangu zamani, halingoji kidole cha mtu. Weka ukwapi slaidi moja, utao slaidi nyingine. Nimemtungia binti mishororo miwili hapa hapa:

Mwezi haupo usiku, / dagaa wamejazana
Mama hakungoja kuku / kuwika, ameshaona

Hesabuni, nane nane. Vina ku na na.

#22 Kiti cha Mbele
Nimeziweka kwenye slaidi kama ulivyoagiza, mzee. Slaidi ya 3 inasomeka hivi: "Mama hakungoja kuku". Mke wangu kauliza: kuku wa kuchoma au wa kienyeji?

#23 Binti Igombe
😂😂😂 Mama yangu kageuka mlafi. Bora marehemu.

#24 Mwalimu Mstaafu
Mzee wa Mizani ametuletea ushahidi bila kukusudia. "Hakungoja kuku" ni mshata safi, unadai "kuwika". Ukiusoma kwa sauti, pumzi yako haisimami pale, unapita hadi "kuwika" ndipo utue. Slaidi inamlazimisha msomaji kutua pasipo na kituo. Mizani haikumwokoa.

#25 Mzee wa Mizani
Slaidi ndiyo mbovu, siyo shairi.

#26 Msukuma wa Buzuruga
Na anayewika ni jogoo, mzee.

#27 Mzee wa Mizani
#26 Jogoo hana kina cha ku. Kaa kimya.

#28 Mtoto wa Ukerewe
Mzee, huu ugomvi wa mizani umepitwa. Kezilahabi alizaliwa kwetu Ukerewe, na alipotoa Kichomi mwaka 1984 bila vina wala mizani, watu walipiga kelele hivihivi.

#29 Mwalimu Mstaafu
1974, kijana.

#30 Mtoto wa Ukerewe
Asante mwalimu. 1974. Kelele ni zilezile.

#31 Mchuuzi Kirumba
Samahani natoka nje ya mada. Kuna kosa kwenye shairi na mnalipita tu. Mwaloni Kirumba ni soko. Dagaa wengi wanafika pale wakiwa wakavu, kwenye magunia, kutoka visiwani. Mama hawezi kukimbilia pale saa nane ya usiku eti dagaa wamepanda.

#32 Binti Igombe
#31 Sikusema Kirumba, baba. Nimeandika mwaloni kwa m ndogo, yaani mwalo wowote. Wa kwetu ni Igombe. Mitumbwi inatoka na taa usiku wa giza, inarudi kabla hakujakucha, na akinamama wanaingia majini mpaka magotini kuwahi. Mwezi ukiwaka hawatoki, maana dagaa hawaifuati taa kama mbingu nzima ina mwanga.

#33 Mchuuzi Kirumba
Hapo sawa. Lakini kwenye slaidi ya 7 m hiyo iko mwanzo wa mstari peke yake, nani atajua ni ndogo kwa makusudi? Mimi nimesoma Kirumba moja kwa moja. Na nina jambo jingine: mistari ya 5 na 6 mimi niliielewa papo hapo, kwa sababu mwezi na dagaa ni mkate wangu. Rafiki yangu wa Dodoma kasoma "leo mwezi haupo" akadhani ni giza la majonzi. Labda waliotoa pole ni wa bara tu.

#34 Dada Karabai
#33 Binamu wa Binti ni wa Geita, na kwao ziwa liko. Hiyo haitoshi.

#35 Binti Igombe
Tuache nani mchawi. Nataka kuliweka tena Ijumaa. Nibadilishe nini? Nimefikiria nianze na "leo mwezi haupo, dagaa wamepanda", halafu mama aondoke.

#36 Kamanga Feri
Nimewasomea abiria wengine kwa mpango huo mpya. Wote wameelewa, hakuna aliyesimama kidole. Mmoja kaniambia "haya" akarudi kwenye mpira.

#37 Mwalimu Mstaafu
Ndicho nilichokiogopa. Ukitanguliza dagaa unaondoa mashaka yote, inabaki taarifa ya habari. Uzuri wa shairi lako ni kwamba mtoto ameamka, mama hayupo, na kwa dakika moja hajui. Msomaji anapitia hofu ileile. Wewe unalalamika kwamba watu wameogopa, mimi nasema slaidi zimefanya kile ambacho picha moja ilishindwa. Kosa ni kwamba wengine uliwaacha ndani ya hofu bila mlango.

#38 Binti Igombe
Sikukusudia hofu mwalimu. Nilikusudia tu aliniacha nimelala.

#39 Mwalimu Mstaafu
Ulichokusudia ni chako. Walichosoma kimeshatoka mkononi.

#40 Fundi Bango
Nisaidie upande wangu basi, nimeliona tatizo ambalo hakuna aliyelitaja. Slaidi zako hazimwambii mtu kwamba kuna nyingine mbele. Vidoti vya chini ni vidogo, na ile namba ya pembeni inatokea kidogo inapotea.

Fanya hivi. Usitengeneze picha saba. Tengeneza picha moja ndefu: slaidi moja ina upana wa 1080 na urefu wa 1350, kwa hiyo saba ni upana wa 7560 na urefu uleule 1350. Chora ukingo wa ziwa, mstari mmoja mwembamba, utembee kutoka mwanzo hadi mwisho. Weka mtumbwi uwe umekatwa kati ya slaidi ya 1 na ya 2: mkia hapa, pua kule. Ndipo ukate vipande saba. Mtu akiona nusu ya mtumbwi kidole chake chenyewe kitasukuma, na tayari ameshaona maji. Hujataja dagaa, lakini ziwa limeingia mapema. Wafaili waite 01, 02 mpaka 07, maana ukichagua kwenye galari kwa haraka utapanga ya 5 kabla ya 4, usigundue mpaka umeposti.

Na maneno yakae urefu uleule kila slaidi. Ukiyashusha na kuyapandisha, jicho linaanza kuyatafuta, hapo umeweka pumziko ambalo hukulipanga.

#41 Mtoto wa Ukerewe
Mimi ningeweka slaidi tupu baada ya "taa inawaka". Kimya kabisa, halafu mwezi.

#42 Dada Karabai
#41 Niliwahi. Slaidi nyeusi tupu, bando la watu linasuasua, nikapata komenti nne: "haifunguki". Mmoja alirudi nyuma akaanza upya. Kimya kinahitaji kitu cha kuonyesha kwamba ni kimya. Kama ule mstari wa ziwa wa Fundi ungekuwa unapita hapo bila neno, ningeiamini.

#43 Msukuma wa Buzuruga
Ila zisizidi kumi, Insta haikubali.

#44 Dada Karabai
#43 Ilikuwa kumi tangu 2017. Mwaka 2024 wakapandisha mpaka ishirini. Lakini usifurahie, mtu akiona 1/20 anapita. Kwa saba, akifika 6/7 anajua inayofuata ndiyo ya mwisho, anaiandalia uzito. Ndiyo maana nadhani "mwaloni hawangoji mtu" inapiga vizuri pale ilipo.

#45 Mzee wa Mizani
Yaani 6/7 ndiyo imekuwa kituo cha ubeti siku hizi. Sawa.

#46 Kamanga Feri
Pendekezo la asiye mshairi: unganisha ya 1 na ya 2. "Mama ameondoka, hakuniaga" slaidi moja. Angalau skrinshoti ikipigwa inakuwa na mama ndani yake.

#47 Mwalimu Mstaafu
#46 Ikiwa na mama ndani msiba unazidi, mzee wangu. Mimi ningegusa ya 2 tu. "Hakuniaga" iwe "hakuniamsha". Neno moja. Anayeamshwa amelala, basi msomaji anajua ni usiku na mtoto yuko kitandani. Hofu inabaki, lakini binamu hawezi kutupa "hakuniamsha" kwenye kundi la ukoo akapata msiba.

#48 Binti Igombe
Mwalimu, neno hilo nimelipenda na limeniuma. "Hakuniaga" ndilo nililosema siku ile nilipoamka. Ngoja nilale nalo.

#49 Mzee wa Mizani
Lala nalo, lakini lihesabu. Hakuniamsha ni mizani sita.

#50 Binti Igombe
Mrejesho, Ijumaa usiku. Nimefuata picha ndefu ya Fundi, rangi ya bluu ya alfajiri, mtumbwi umekatwa kati ya 1 na 2. Karabai imebaki. Mpangilio uleule. Neno nimeacha "hakuniaga", mwalimu nisamehe.

Hadi sasa: wawili "pole sana". Mmoja "nimeogopa mpaka slaidi ya 6". Mmoja kasema mtumbwi umekatika, nirekebishe picha. Binamu hajagusa, nimemzuia.

#51 Fundi Bango
Pole mbili tu! Nilisema ni rangi.

#52 Mwalimu Mstaafu
Au wameshajua kwamba mama yu hai. Ukoo mzima umeshasimuliwa. Jaribio hili limeharibika, inabidi watu wageni.

#53 Dada Karabai
Au safari hii slaidi ya 2 ilipojirudia ilikuja na pua ya mtumbwi.

#54 Mchuuzi Kirumba
Binti, hao dagaa wa Igombe mama anatoa debe kwa bei gani? Niandikie inboksi.